Uzi: "mdr" na "bcp" za Wafaransa, mnazitiaje kwenye Kiingereza kinachosomeka?

Zamu_Jambiani

Assalaam alaykum wanajukwaa. Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni huku Jambiani. Mwenye nyumba ni Muingereza, Kifaransa hakijui hata kidogo, na wageni wa Kifaransa wakituandikia WhatsApp sisi ndio tunaompelekea kwa Kiingereza. Kifaransa nimekisoma skuli na kuongezea kwa wageni, lakini wanavoandika kwenye simu si kile cha vitabuni. Tazameni ujumbe huu wa juzi:

```
cc! dsl on sera en retard mdr le ferry c la galère.
on arrive vers 18h je pense, tkt pas pr le repas
on mange ds le coin. par contre ya moyen davoir la
chambre du bas? ma mère marche plus bcp.
merci bcp a tte!!
```

Mwenzangu wa zamu ya mchana akampelekea bosi hivi:

```
Hello! Sorry we will be late dead of laughing, the
ferry is the galley. We arrive at 18h I think, do not
worry for the meal, we eat in the corner. On the
contrary, is there means to have the low room? My
mother walks more a lot. Thank you very much.
```

Bosi akaelewa kwamba mama ni mtembezi hodari, akawapa chumba cha ghorofani kinachotazama bahari. Walipofika yule mama akasimama chini ya ngazi na fimbo yake. Vyumba tumebadilisha, hilo limekwisha. Ninachotaka kujua ni hiki: nyinyi mnaofanya kazi hii mnaandikaje kwa Kiingereza mpaka ionekane kama kaandika mtu? Na hiyo "mdr", mtu anasema anachelewa halafu anacheka, anacheka nini?

Chwaka_Forodha

"My mother walks more a lot" 😂😂 Mwenzio alikuwa ampe bibi wa watu na baiskeli kabisa, azunguke mpaka Makunduchi.

Mzee_Kombeni

Wanangu, tafsiri ya Kifaransa kwenda Kiingereza isifanywe kienyeji. Kama ni cheti cha kuzaliwa au cha ndoa kinataka mtafsiri anayetambulika na muhuri wake, la sivyo ubalozini watakurudishia. Mpwa wangu lilimkuta hilo.

Zamu_Jambiani

Shikamoo mzee. Si vyeti, ni meseji za wageni tu za kwenye simu.

Kijana_Wete

Mbona rahisi. mdr ni "mort de rire", amekufa kwa kucheka. bcp ni "beaucoup", Kiingereza "very much", hiyo haibadiliki. dsl ni "désolé", tkt ni "t'inquiète", cc ni "coucou", a tte ni "à tout à l'heure". Ukijua orodha umemaliza kazi.

Kuhusu mama, mimi naona mwenzio kasoma sawa. Kifaransa cha kukanusha lazima kiwe na "ne". "Ne marche plus" ndio hatembei tena. Pasipo "ne", "plus" ni zaidi. Aliyekosea ni mgeni, si mpokeaji.

Bi_Kiponda

Kijana wangu wa Wete, orodha yako ni sahihi yote, lakini kanuni ya "ne" itakuuza mchana kweupe. Nimeongoza wageni wa Kifaransa Mji Mkongwe miaka mingi, na ninatafsiri. Kwenye mazungumzo ya kawaida Mfaransa anaiacha "ne" karibu kila mara, na kwenye simu ndio kabisa. "Jsp" ni "je sais pas", wala "ne" haimo. Ukiisubiri "ne" ndio ukubali kwamba mtu anakanusha, utageuza nusu ya meseji zao kichwa chini.

Hapa kilichokuwa kitazamwe ni mpangilio. Angekuwa anatembea zaidi kuliko zamani, angeandika "marche bcp plus". "Bcp" inatangulia, "plus" inafuata. Yeye kaandika "marche plus bcp". "Plus" iliyoshikana na kitendo halafu "bcp" nyuma yake ni "hatembei tena sana". Herufi ni zilezile, zimebadilishana nafasi tu, na mama akapelekwa ghorofani.

Na hata usipoijua kanuni hiyo, sentensi ya kabla yake ingekwambia. Kaomba chumba cha chini. Mtu anaomba chumba cha chini kwa sababu mama yake anatembea sana? Meseji isomeni yote kwanza ndio muanze kutafsiri. Mwenzako katafsiri neno kwa neno akielekea mbele tu, hakurudi nyuma kuuliza kama mambo yanaingiliana.

Mimi hufanya hivi. Kwanza naiandika upya kwa Kifaransa kamili, na alama zake, na "ne" yake narudisha:

```
Coucou ! Désolés, on sera en retard (mdr), le ferry
c'est la galère. On arrive vers 18 h je pense. Ne
t'inquiète pas pour le repas, on mange dans le coin.
Par contre, y a moyen d'avoir la chambre du bas ?
Ma mère ne marche plus beaucoup. Merci beaucoup,
à tout à l'heure !
```

Hiyo mdr nimeiweka pembeni makusudi, haitafsiriki hapo, nitaijia. Halafu naiacha ile karatasi, najiuliza: Muingereza wa umri huu, anayemwandikia mwenye nyumba ya wageni, angesemaje haya? Ikatoka hivi:

```
Hi! Sorry, we're going to be late haha, the ferry's
a nightmare. Should be there around 6. Don't worry
about dinner, we'll grab something nearby. One thing
though, any chance we could have the downstairs room?
My mum can't really walk much these days.
Thanks so much, see you later!
```

"La galère" kweli ilikuwa jahazi la makasia, la wafungwa, lakini leo ni tabu tu, ni adha. "Dans le coin" si pembeni ya chumba, ni hapahapa mtaani. "Par contre" kwenye meseji haipingi kitu, anataka kuongeza jambo moja ambalo pengine litakusumbua, ndio maana nikaweka "one thing though". Na "la chambre du bas" nimeachia "the", kwa sababu kishakiona kwenye picha, anakitaka kilekile. Ukiandika "a downstairs room" bosi atampa chochote cha chini.

Zamu_Jambiani

Ahsante sana Bi Kiponda, hii ya mpangilio wa plus na bcp sikupata kuisikia skuli. Lakini umekimbia swali la mdr. "Haha" umeiweka tu hapo. Bosi wangu angesoma "we're going to be late haha" angeona wanamfanyia mzaha, yeye kapika.

Binti_Makunduchi

Nipo Uingereza mwaka wa sita sasa, naomba niingie. Tatizo la "haha" ni kwamba ni kicheko kweli. Ukiandika "haha" kuna kitu kinachekesha. Mdr ya huyu mgeni haina kichekesho ndani yake. Waingereza wana neno linalofanya kazi hiyohiyo, nalo ni "lol". Wenzangu kazini wanaandika "running late lol", "forgot my keys lol", na hakuna anayecheka. Ni kulainisha tu, kusema najua ni kosa, usikasirike. Kwa hiyo mdr ikiwa mwisho wa habari mbaya, wekeni "lol", tena kwa herufi ndogo. Ukiandika LOL kubwa umerudi kwenye kicheko.

Na "loads" pia msiisahau. "Merci bcp" iwe "thanks so much" au "thanks loads" kwa Waingereza. "Thank you very much" ya Kijana wa Wete ni sahihi, lakini ndani ya meseji hiyo inasikika kama barua ya benki. "Thanks a lot" nayo muwe nayo makini, bila alama ya mshangao mwenye kusoma anaweza kudhani umekasirika.

Bi_Kiponda

Binti, kwa kazi yake lol ni kweli, nakubali. Lakini anayesoma ni nani? Bosi wa Zamu ni mtu mzima. Mtu mzima wa Kiingereza akiona "lol" kutoka kwa mgeni asiyemjua, atamwona mgeni ni mtoto. Mgeni huyu ana mama wa fimbo, yeye mwenyewe hakosi arubaini. Kifaransa chake hakimwonyeshi kama mtoto, mdr wanaandika hata watu wa umri huo. Ndio maana mimi nashuka kwenye "haha".

Binti_Makunduchi

Bi Kiponda kwa heshima zote, wazee wa huku ndio wanaoongoza kwa lol. Mama mwenye nyumba yangu ana miaka 63 na kila ujumbe lol.

Mngazija_Asili

Mimi ndugu zangu wako Moroni na wengine Marseille, grupu la familia ni Kifaransa na Kingazija vimechanganywa, na mdr ndio chumvi ya kila kitu. Nnavoona mimi nyote mnaipa mdr uzito isiokuwa nao. Siku hizi mdr haisemi kitu. Binamu yangu akiandika mdr amekaa uso umekauka. Akicheka kweli anaandika ptdr, au "mdrrrrr" na r zake zimejipanga, au "jpp". Mdr moja fupi ni kama nukta tu.

Kwa hiyo jawabu langu: itoeni. Bosi anataka kujua wanafika saa ngapi, wanakula au hawali, chumba gani. Hakuna haha wala lol.

Bi_Kiponda

Itoe uone kinachobaki: "Sorry, we're going to be late. The ferry's a nightmare." Hayo sasa ni malalamiko. Bosi atadhani mgeni anafika na hasira, atamjibu kwa ukavu, na mgeni hatajua kwa nini. Mdr haisemi kitu peke yake, hilo kweli, lakini inabeba sauti ya sentensi nzima. Ukiitoa lazima sauti hiyo uihamishie pengine. Unaweza kuacha haha ukaandika "So sorry, we're running a bit late, the ferry's been a nightmare!" Hiyo "a bit", na alama ya mshangao, zimefanya kazi ya mdr. Hiyo naikubali. Kuitoa na kuacha pengo, siikubali.

Chwaka_Forodha

Kwa hiyo tumepata haha, lol, futa, na "a bit". Zamu, chagua mchumba.

Kijana_Wete

Nyie mnasema inalainisha. Mimi naona mgeni alikuwa anacheka kweli. Mtu kapanda boti, bahari imechafuka, watu wanatapika, ameketi anajicheka mwenyewe. Nani kakwambieni hakucheka? Hamkuwapo.

Zamu_Jambiani

Hilo nalo. Siku ile upepo ulikuwa mkali kweli.

Kapteni_Kizimkazi

Mimi natembeza wageni kwa boti. Kifaransa changu ni cha kusikia, kusoma nasaidiwa na kijana wa ofisini. Nina kesi yangu. Tuliwaandikia wageni kwamba tunaondoka 6h, alfajiri, kabla bahari haijajaa maboti. Wakajibu:

```
6h c chaud mdr, plutot 8h? c bon pr vs?
```

Kijana akamwandikia mwenye kampuni, naye ni mtu wa Afrika Kusini: "6h is hot, rather 8h? It is good for you?" Mwenye kampuni akajibu kwamba alfajiri kuna baridi, wasiogope joto, na boti lina turubai. Wageni wakaona wanalazimishwa. Walikuja wamenuna, na mpaka tunarudi hawakusema na mtu. Sasa nisaidieni, joto liliingiaje?

Mngazija_Asili

Kapteni, "c chaud" hapo si joto, ni "jambo zito, sidhani kama tutaweza". Binamu zangu ukiwaambia waamke mapema ndio jibu lao. Kiingereza ningesema "6am's a bit of a stretch lol, could we do 8 instead? Does that work for you?" Na "c bon" muiangalie nayo. Hapo inauliza kama inakufaa. Ukimuuliza mtu kama anataka chai zaidi akasema "c bon", anakataa, ametosheka.

Binti_Makunduchi

Haya, mtu aliyesema itoeni ameweka lol mwenyewe 😄

Mngazija_Asili

Hiyo ya Kapteni ni ombi, lazima uombe kwa adabu. Ya Zamu ilikuwa taarifa. Sijabadilika.

Bi_Kiponda

Nyongeza ya saa, kwa sababu Kapteni kaigusa. Wengi wetu tunatafsiri kichwani tukipitia Kiswahili, na hapo 6h inageuka. Kijana anasoma "6h", anamwambia dereva "saa sita", dereva anakuja adhuhuri. 6h ni saa 12 alfajiri, 18h ni saa 12 jioni, na kwa Muingereza andikeni 6am au 6pm, msimwachie "18h", hawaandiki hivo. Na mgeni akisema "dans 8 jours" mara nyingi ana maana wiki moja, "15 jours" wiki mbili. Wanahesabu siku zote mbili za mwanzo na mwisho. Kama inahusu kitanda, muulizeni tarehe.

Mwanamwema

Salaam. Mimi si wa hoteli, lakini nina jambo langu la bcp. Mdogo wangu alifahamiana na kijana wa Kifaransa aliyekuwa akijitolea skuli moja huku Pemba, sasa karudi kwao. Wanaandikiana Kiingereza, lakini siku hiyo kamwandikia Kifaransa: "je t'aime bcp tu sais". Mdogo wangu kaniletea nimtafsirie. Nimemwambia "I love you very much, you know". Nyumba nzima imefurahi, mama keshaanza kuuliza habari za kusilimu. Nimefanya sawa?

Bi_Kiponda

Mwanamwema mwanangu, pole pole na huyo mama. Kwa Kifaransa "je t'aime" peke yake ndio mapenzi. Ukiongeza "bcp" haizidi, inapungua. "Je t'aime bien" ndio imepungua zaidi, ni "nakupenda kama rafiki". Huyu kasema kwa Kiingereza kitu kama "I'm really fond of you, you know" au "I like you a lot, you know". Ni maneno mema, yametoka moyoni, lakini si posa.

Mngazija_Asili

Bi Kiponda, hapa nakukatalia. Kwetu kwenye familia bibi anawaandikia wajukuu "je t'aime bcp" na ni mapenzi ya dhati, huwezi kusema bibi ana "fond of". Bibi ni "love you lots".

Bi_Kiponda

Bibi kwa mjukuu ni sawa, hakuna anayedhani bibi anaposa. Kwa kijana na binti ambao hawajatamkiana chochote, ile "bcp" ni mlango wa kutokea. Wafaransa wenyewe wanaijua.

Mngazija_Asili

Labda anaona haya. Labda "tu sais" ndio inayobeba mzigo: "nakupenda, ujue". Mtu haandiki "ujue" kwa rafiki wa kawaida.

Mwanamwema

Sasa nimwambie nini mdogo wangu?

Binti_Makunduchi

Mwambie amwandikie Kiingereza kama walivozoea, amuulize kwa lugha wanayoielewa wote wawili. Tafsiri ya neno moja isibebe ndoa.

Fundi_Simu_Darajani

Mnazungumzia maneno tu, hakuna anayeuliza kwa nini wanaandika hivo. Nitawaambia kwa upande wa simu. Meseji ya zamani ina nafasi ya herufi 160. Lakini orodha ya herufi za simu za zamani imo é, imo è, imo à, haimo ê wala ç ndogo. Ukitia ê moja tu, ujumbe mzima unabadilishiwa mfumo na nafasi inashuka mpaka 70. Kwa hiyo Mfaransa aliyeandika "être" vizuri alilipa meseji mbili au tatu. Wakazoea kuacha alama na kukata maneno. Sisi nasi tuliandika "cjui" na "2taonana" kwa sababu hiyohiyo.

Mngazija_Asili

Fundi, binamu zangu wamezaliwa hawajapata kulipia meseji hata moja, na bado wanaandika "bcp". Ni mtindo, si gharama. Wengine sasa wanaandika karibu vizuri kabisa kwa sababu simu inawarekebishia, halafu mdr inabaki palepale.

Chwaka_Forodha

"xaxa mambo vp" nani anakumbuka? Nilipata mke kwa "xaxa".

Kijana_Wete

Ndio maana ulipata mmoja tu.

Bi_Kiponda

Fundi kagusa kitu cha maana kwa kazi hii, zile alama. Zikikosekana, wakati wa kitendo unapotea. "G paye" ni "j'ai payé", nimeshalipa. "Je paye" ni nalipa, au nitalipa. Mgeni akiandika "je paye 2m1", hiyo 2m1 ni "demain", atalipa kesho. Akiandika "g paye hier" keshalipa jana. Herufi "g" inasomeka kama "j'ai", ndio kazi yake. Kama "cjui" yetu, "c" inasomeka "si". Mtu wa mapokezi akilichanganya hilo, ni ugomvi wa fedha. Kiingereza kiwe wazi: "I've already paid" au "I'll pay tomorrow". Usiandike "I pay", haisemi chochote.

Na ile "a tte" ya mwanzo. Ukikuta "att" bila nafasi na bila e, hiyo mara nyingi ni "attends", subiri. Mmoja anakuaga, mwengine anakuzuia.

Bwana_Marahubi

Nimesoma uzi wote. Swali langu: huyo mgeni kamwandikia mwenye nyumba asiyemjua "tkt pas", ambayo ni "tu". Wafaransa si wanatumia "vous" kwa mtu mgeni? Mbona wetu wanatudharau?

Bi_Kiponda

Si dharau. Tkt imeshakuwa neno moja lililoganda, watu wanaliandika bila kufikiria "tu" au "vous". Na Kapteni mgeni wake kaandika "c bon pr vs", "vs" ni "vous", kwa hiyo wanaitumia wakitaka.

Mngazija_Asili

"Vs" ya Kapteni inaweza kuwa wingi, nyinyi nyote wa boti. Na mgeni wa Zamu pengine ni kijana wa mikoba ya mgongoni tu, hao "tu" kwa kila mtu.

Zamu_Jambiani

Ana miaka hamsini na kitu, kaniandikisha pasi yake mwenyewe.

Binti_Makunduchi

Kwa Kiingereza vyovyote vile "you" ni moja, lakini ujoto wa "tu" muuonyeshe kwa "Don't worry" badala ya "Please do not worry", na "mum" badala ya "mother". Hapo umemaliza.

Bwana_Marahubi

Nimekuelewa. Na wale wa Ubelgiji? Niliwahi kupika chakula cha usiku cha watu sita wakala mchana.

Bi_Kiponda

Hilo kubwa. Mfaransa wa Ufaransa akisema "dîner" ni chakula cha usiku. Mbelgiji, Mswisi na mtu wa Kebeki, "dîner" ni cha mchana, usiku ni "souper", na "déjeuner" ni cha asubuhi. Tazameni namba ya simu inaanza na ngapi: +33 Ufaransa, +32 Ubelgiji, +41 Uswisi. Ukiwa na shaka mwandikie bosi saa, usimwandikie jina la mlo.

Zamu_Jambiani

Jamani, niko zamu sasa hivi na huu umeingia dakika hii, chumba namba 4:

```
bsr, la clim marche plus jpp mdr. ya qqn?
```

Kijana_Wete

Hii naichukua mimi. "Plus" imeshika kitendo, hakuna "ne", kwa hiyo haifanyi kazi tena. "Hi, the AC's stopped working, I can't take it any more. Is anyone around?" Bi Kiponda, nimepata?

Bi_Kiponda

Umepata barabara. Na "marche" hapa ni kufanya kazi, si kutembea, umeliona. "Jpp" ni "j'en peux plus". Lakini mdr umeiacha.

Kijana_Wete

Nimeiacha makusudi. Mtu anaungua na joto, hacheki.

Binti_Makunduchi

Ndio panapotakiwa lol! "AC's died lol, I'm melting. Anyone around?" Anasema nina shida lakini sijakasirika na nyinyi. Ukimpelekea bosi ile ya Kijana, ataamka na hofu ya maoni mabaya mtandaoni.

Mngazija_Asili

Jpp na mdr zikikaa pamoja mimi nasoma anacheka kweli. Jpp siku hizi ni kicheko pia, "nimechoka kwa kucheka". Huyu kakaa na wenzake chumbani wanafanyiana mzaha wa joto.

Bi_Kiponda

Ingekuwa anacheka na wenzake asingeuliza "ya qqn". Anataka mtu. Mimi ningeandika "Evening! The AC's packed up and we're dying in here haha. Is anyone around?"

Kijana_Wete

"We" umeitoa wapi? Hakusema wako wangapi.

Zamu_Jambiani

Wako wawili. Nimempelekea bosi ile ya "packed up", nikatoa haha. Napanda juu na rimoti na betri mpya.